eSIM ya China bila ya kuigusa laini ya nyumbani

Swali: Asalaam alaykum kaka. Mie nna duka la nguo Darajani, mwezi ujao inshallah nakwenda Guangzhou na shangazi yangu kuchukua mzigo, siku kumi. Simu yangu iPhone 13, niliinunua ishatumika. Watu wananambia niweke eSIM ya intaneti, lakini laini yangu ndo yenye WhatsApp ya wateja, benki na pesa za simu, naogopa isije ikapotea nikakwama ugenini. Naiwekaje, na nikirudi nairudishaje laini yangu? Shangazi yeye ana Samsung.

Wa alaykum salaam dada. Kwanza nikutoe wasiwasi, laini yako haitoki ndani ya simu hata siku moja, inabaki palepale kwenye kitrei chake kuanzia unatoka nyumbani mpaka unarudi. iPhone 13 inaweza kuwasha laini mbili kwa pamoja, ile ya kadi na hii eSIM, yaani laini isiyo na kadi inayoshushwa kwa intaneti ikakaa kwenye chipu ya ndani ya simu, kwaiyo tunachofanya ni kugawa kazi tu, eSIM inapewa kazi ya intaneti peke yake, na laini yako ya nyumbani inabaki na namba yako, simu za kawaida na meseji za benki. Ukilishika hilo basi hata kurudi si kazi, ni kurudisha kazi ya intaneti kwa mwenyewe.

Na nakuomba sana usije ukaitoa ile kadi ukaiweka kwenye pochi eti unaificha isipotee. Hapo ndo watu wengi wanapoipoteza, kadudu kenyewe kadogo kama ukucha, ukiidondosha hotelini Guangzhou hakuna wa kukurudishia, maana laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole na kurejesha laini iliyopotea wanakutaka mwenyewe uende na kidole chako, huwezi kumtuma mtu. Wewe utakuwa huko na benki yako imefungika mpaka urudi.

Sasa kabla hujatoa pesa yoyote kununua eSIM, angalia simu yenyewe, hasa kwa vile umesema ishatumika. Fungua sehemu ya kupigia simu uandike *#06#, itatoka orodha ya namba, tafuta iliyoandikwa EID, ni ndefu sana ina tarakimu 32. Ikiwepo maana yake simu ina chipu ya eSIM ndani. Isipokuwepo acha, usinunue, kwa sababu iPhone 13 zilizotengenezwa kwa soko la China bara hazina eSIM kabisa, zina nafasi ya kadi mbili, na simu hizo zipo nyingi tu madukani kwetu. La pili nenda Settings, kisha General, kisha About, shuka mpaka uone Carrier Lock. Inatakiwa iseme No SIM restrictions. Ikisema kitu chengine, simu hiyo imefungwa kwa kampuni fulani ya nje, na mtu anaweza kukwambia mbona laini yangu inashika vizuri hapa, lakini simu nyengine zimefunguliwa kwa ujanja wa fundi na ule ujanja unaweza kuikataa laini mpya. Hiyo usiifanyie majaribio na safari.

Simu ikiwa salama twende kwenye kununua. Kwa China kuna jambo moja linalopita yote na wauzaji wengi hawalisemi mpaka uulize. Huko WhatsApp, Gmail, Instagram na Google zimezuiwa kwenye intaneti ya kwao. Ukinunua laini ya mwenyeji wa huko, au ukiingia kwenye waifai ya hoteli, WhatsApp ya wateja wako haifunguki. Lakini eSIM ya msafiri huwa ni ya mtandao wa nje, mara nyingi wa Hong Kong au nchi nyengine, na pale Guangzhou inakuwa mgeni tu, inaazima mnara wa China lakini data yako inasafirishwa mpaka kwenye mtandao mama ndo inatokea intaneti huko. Kwaiyo WhatsApp inafanya kazi kama uko Darajani. Unapochagua soma maelezo yake, yaseme wazi kwamba WhatsApp na Google zinafanya kazi China bara, na usichukue eSIM inayoingilia intaneti ya ndani ya China, hiyo hata iwe rahisi vipi haikufai.

Angalia na siku zake zinaanza kuhesabiwa lini. Kuna kifurushi kinaanza kuhesabu pale unapokiweka tu kwenye simu, na kuna kinachoanza siku kitaposhika mnara wa China kwa mara ya kwanza. Wewe unataka hiki cha pili, kwa sababu nataka uiweke ukiwa hapahapa nyumbani siku mbili tatu kabla. Na siku chukua zaidi ya kumi, kwa vile safari za mzigo zinachelewa. Kuhusu ukubwa, kama utakuwa unatuma picha za nguo na sauti, GB chache zinakutosha, lakini kama utawaonesha wateja mzigo kwa video basi jua kwamba saa moja ya video inakula mamia ya MB, hesabu hapo mwenyewe. Jengine, eSIM hizi nyingi ni za data tu, hazina namba ya simu. Hilo si tatizo kwako, WhatsApp inabaki kwenye namba yako ya 255 ile ile, haijali intaneti inatoka kwenye laini gani.

Ukishalipa watakutumia kwa imeili mchoro wa QR. Ule mchoro ndani yake kuna maandishi tu, yanakaa hivi:

```
LPA:1$anwani.ya.seva$NAMBA-YA-KUWASHIA
```

Kipande cha kati baina ya alama za dola ni anwani ya kompyuta inayotunza laini yako, na kipande cha mwisho ni namba ya kuichukulia. Simu ikisoma mchoro inakwenda kwenye anwani ile, inatoa namba, inashusha laini na kuiweka ndani ya chipu. Nakueleza hivi ili uelewe mambo mawili. Moja, lazima uwe na intaneti wakati wa kuweka, kwaiyo ifanye nyumbani au dukani kwenye waifai nzuri, sio ufike Guangzhou ndo uanze kutafuta imeili yako ya Gmail kwenye waifai ya hoteli isiyoifungua. Pili, laini ikishashushwa mara moja, mchoro ule kwa wauzaji wengi unakuwa umekwisha kazi. Ukiifuta laini kwenye simu, ukija kuskani tena itakataa, na itabidi umtafute muuzaji akupe mwengine, kama atakubali.

Kuiweka sasa. Washa waifai, nenda Settings, ingia Cellular, simu nyengine imeandikwa Mobile Service au Mobile Data, ni mlango huohuo. Gusa Add eSIM, kisha Use QR Code. Kama mchoro uko kwenye simu ya mtu au kompyuta utauskani kwa kamera. Kama uko kwenye simu yako mwenyewe, gusa Enter Details Manually chini ya skrini, itakuletea nafasi ya SM-DP+ Address, hapo unaweka kile kipande cha kati, na Activation Code, hapo unaweka kile cha mwisho. Confirmation Code acha wazi kama hukupewa. Muuzaji kwa kawaida anakuandikia vipande hivyo chini ya mchoro, kopi na upesti, usiandike kwa mkono, herufi O na sifuri zinawachanganya watu.

Ikimaliza simu itakuuliza maswali mfululizo na hapa twende pole pole. Kwanza majina ya laini, ile yako iite Nyumbani na hii mpya iite China, usiziache na Primary na Secondary maana ukiwa umechoka uwanja wa ndege hutokumbuka ipi ni ipi. Kisha itauliza Default Line, yaani laini ya kupigia simu na kutuma meseji, chagua Nyumbani. Kisha iMessage na FaceTime, chagua Nyumbani na iwe hiyohiyo peke yake, kwa sababu iMessage ikijisajili upya simu inatuma meseji ya kimataifa kimyakimya na vocha yako inaondoka bila kuona umetuma nini. Mwisho itauliza Cellular Data, na kwa leo uko Zanzibar bado, chagua Nyumbani vilevile. Allow Cellular Data Switching iache imezimwa.

Ukitoka hapo utaiona China kwenye orodha na imeandikwa No Service, au inajaribu kuwaka na haifiki popote. Dada, hapa ndo pa hatari kuliko pote. Mtu anaona haishiki mnara, anaingiwa na wasiwasi, anaifuta ili aiweke upya, na kumbe ile laini haikuwa na kosa, ni kifurushi cha China na hapa Unguja hakina mnara wa kuazima. Kutoshika hapa ndo kawaida yake. Ikishaonekana kwenye orodha basi imeingia, ingia ndani yake uzime Turn On This Line, iache ilale mpaka siku ya safari.

Siku hizo mbili tatu zilizobaki fanya kazi ya laini ya Nyumbani, maana hii ndo uliyoiogopea na una haki. Piga huduma kwa wateja wa mtandao wako au pita ofisini kwao uulize mambo matatu, laini yangu imefunguliwa rominga, yaani kutumika nje ya nchi kwa mtandao wa wenyeji, mna mapatano na mtandao upi China, na kupokea meseji nikiwa huko kuna makato au hakuna. Kwa mitandao mingi kupokea meseji hakulipiwi ila kupokea simu kunalipiwa, tena bei kali, kwaiyo waambie wateja wakupigie WhatsApp tu, na simu ya kawaida ikiingia iache iite. Weka na vocha ya kutosha kidogo, laini isiyo na salio kabisa mara nyengine haipokelewi ugenini. Halafu fungua apu ya benki na apu ya pesa za simu, hakikisha umeshaingia na zinafanya kazi, kwa sababu zile menyu za nyota na reli ukiwa nje si za kutegemea, mara zinakubali mara zinagoma, apu inapita kwenye data ya China bila shida. Na kama utalipia vitu huko kwa Alipay au WeChat, zisajili ukiwa hapahapa kwa namba yako ya 255, meseji ya uthibitisho iingie ukiwa umekaa kwako.

Kuna kuchanganya mambo mawili ambako kunawagharimu watu pesa. Rominga ya data ni kitu kimoja na rominga ya laini ni kitu chengine. Kwenye simu, ukiingia kwenye laini ya Nyumbani utaona Data Roaming, hiyo izime na iwe imezimwa safari nzima, itazuia laini yako isichome vocha kwa intaneti ya bei ya ugenini. Lakini kuizima hakuzuii meseji wala simu, zile OTP za benki, yaani meseji za namba ya uthibitisho, zitaingia kama kawaida. Watu wanaoogopa makato wanaizima laini nzima, halafu wanashangaa benki haiwatumii kitu. Wewe laini iwashe, zima data yake tu.

Siku yenyewe, mkipita Addis Ababa au Doha eSIM ya China haitowaka huko, tumieni waifai ya uwanjani. Ndege ikishatua Guangzhou, ondoa hali ya ndege, ingia Settings, Cellular, washa laini ya China kwa ile Turn On This Line, kisha kwenye Cellular Data chagua China, kisha ingia ndani ya laini ya China uwashe Data Roaming. Ndio, kwa hii washa. Nimekwambia ile ni mgeni huko, na simu haitompa mgeni data mpaka umruhusu. Kwaiyo Nyumbani rominga ya data imezimwa, China imewashwa, hesabu hiyo isiharibike.

Ukimaliza hayo subiri dakika kadhaa, usianze kubonyeza bonyeza. Nikuchukulie hali inayowatokea wengi, umetoka mlangoni, unaona vijiti vya mtandao vimejaa lakini WhatsApp inazunguka tu. Vijiti vikiwepo na data haipo, mara nyingi ni Data Roaming ya laini ya China hujaiwasha, au Cellular Data bado imeelekea Nyumbani. Angalia hayo mawili kwanza. Yako sawa na bado? Ingia laini ya China, Network Selection, zima Automatic, subiri orodha, chagua mtandao mmoja kama China Unicom, ukikataa jaribu China Mobile, muuzaji kwa kawaida ameandika upi anaotumia. Bado? Imebaki APN, yaani jina la mlango ambao laini inapitia kwenda intaneti, hiyo iko kwenye Cellular Data Network ndani ya laini hiyohiyo ya China, unaandika neno alilokupa muuzaji kwenye imeili. Kwaiyo ile imeili ipige picha ya skrini kabla ya safari, ukiwa huna intaneti huwezi kuifungua. Zaidi ya hapo zima simu na uiwashe, na usiifute laini, hata uwe umekasirika vipi.

Hali ya pili itakukuta hotelini. Barabarani WhatsApp ilikuwa inakwenda vizuri, umeingia chumbani umekaa, mteja anakuandikia, hujibu, meseji zako zina saa ndogo pembeni na haziondoki. Tazama juu ya skrini, utaona alama ya waifai. Simu ikiona waifai inaiacha data ya laini na kuhamia huko, na waifai ile iko ndani ya intaneti ya China iliyozuiwa. Zima waifai kwenye Settings, meseji zote zitatoka kwa mkupuo. Nimeona watu wanawalaumu wauzaji wa eSIM siku nzima kwa jambo hili, na eSIM yao nzima kabisa.

Na ili GB zako zisiishe kwa mambo usiyoyaona, ingia kwenye laini ya China, Data Mode, weka Low Data Mode, na kwenye Settings ya App Store uzime Automatic Downloads kwa data ya simu. Picha za mzigo mia mbili zikianza kupanda iCloud usiku wakati umelala, asubuhi huna kifurushi.

OTP ya benki isipoingia, tazama laini ya Nyumbani kama ina vijiti. Haina? Ingia ndani yake, Network Selection, zima Automatic uchague mtandao mwengine kwa mkono, maana huenda imejaribu kuingia kwa mtandao ambao wa kwetu hauna mapatano nao. Ina vijiti na OTP haiji, mwambie mtu wa nyumbani akutumie meseji ya kawaida. Ikiingia ujue laini yako nzima na tatizo liko benki, omba OTP nyengine baada ya muda, usiombe mara tano mfululizo wakaja kukufungia. Na WhatsApp ikikuuliza kama umebadilisha namba, jibu unabaki na namba yako, na safari nzima usiifute apu wala usitoke ndani yake.

Sasa kurudi. Ndege ikishatua kwetu na umeondoa hali ya ndege, ingia Settings, Cellular, na kwenye Cellular Data chagua Nyumbani. Hiki ndo kitendo chenyewe, vyengine ni usafi. Kila mara namuona mtu katoka safari, kanunua bando kwa laini yake, meseji ya bando imeingia, na intaneti hakuna, anapiga huduma kwa wateja wanamwambia bando lako lipo ndugu. Lipo kweli, lakini simu bado inaomba data kwa laini ya China ambayo hapa haina mnara. Ukiona bando lipo na neti haipo baada ya safari, usiende kwa fundi, tazama Cellular Data imeelekea laini gani.

Ukishaichagua Nyumbani, ingia kwenye laini ya China uzime Turn On This Line, isiwe inatafuta mnara bure na kukula chaji. Kwenye laini ya Nyumbani angalia Network Selection irudi kuwa Automatic kama uliibadilisha huko, ukisahau hili laini yako itakaa No Service hata ukiwa Mjini katikati. Data Roaming ya Nyumbani iendelee kuzimwa. Ikiwa muuzaji alikufanya uweke faili la mipangilio ya APN, litoe, liko Settings, General, VPN & Device Management. Halafu fanya jaribio dogo, zima waifai, fungua WhatsApp, mtumie mtu sauti, kisha piga simu ya kawaida, vikienda vyote laini yako imerudi kazini na hakuna haja ya kuregista kitu chochote upya.

Kuifuta eSIM ya China usikimbilie. Ikiwa muuzaji anakubali kuongeza kifurushi kwenye laini ileile, na wewe mtu wa mzigo utarudi, iache ilale imezimwa, haikuli pesa wala haiingiliani na laini yako. Ikiwa kifurushi kimekwisha na hakiongezeki, ifute kwa Delete eSIM, lakini soma jina mara mbili kabla hujathibitisha. Wewe laini yako ya kadi haifutiki kwa namna hiyo, ila kwa mtu ambaye laini yake ya nyumbani nayo ni eSIM, akifuta ya nyumbani kwa makosa basi ni kwenda ofisi ya mtandao na kitambulisho na kidole aanze upya.

Shangazi sasa. Samsung si zote, kwaiyo naye aanze na *#06# aone EID. Kwake njia ni Settings, Connections, SIM manager, Add eSIM, kisha skani mchoro. Hapohapo kwenye SIM manager chini ataona Preferred SIMs, ina mistari ya Calls, Messages na Mobile data, safarini anabadilisha Mobile data peke yake iende China, akirudi anairudisha kwa laini yake. Kule chini kuna kitu cha kuhamisha data chenyewe baina ya laini, kimeandikwa Auto data switching au jina linalokaribia hilo, kizimwe. Data Roaming yake iko Connections, Mobile networks, na APN iko ukurasa huohuo imeandikwa Access Point Names, Samsung zinaitaka APN mara nyingi zaidi kuliko iPhone kwaiyo na yeye aipige picha ile imeili. Nunueni kila mtu eSIM yake, usitegemee kumgawia shangazi data kwa hotspot, vifurushi vyengine vimeifunga, na mkishapotezana ndani ya soko la Guangzhou atakuwa hana namna ya kukupata.